Nani Anafungua Ukurasa? Gemu za Hadithi kwa Mtu wa Riwaya

Nilikufa mara saba mlangoni.

Mdogo wangu alikuwa ameniapia kwamba gemu ile ni hadithi tupu. "Wewe si unapenda riwaya, dada? Hii itakufaa." Na kwa saa nzima alikuwa mkweli. Watu walizungumza, nikachagua la kuwajibu, nikaanza kumshuku mmoja wao na kumhurumia mwingine, vilevile ninavyofanya nikiwa na kitabu. Kisha mlango ukavunjwa. Alama ya kitufe ikamulika katikati ya skrini, na kabla sijainamisha macho kwenye pedi nione kitufe hicho kiko upande gani, nilikuwa maiti. Nikarudishwa nyuma kidogo, mlango ukavunjwa tena, nikafa tena. Mara ya nane mdogo wangu alinyoosha mkono, akaichukua pedi, akabonyeza bila hata kuitazama, akanirudishia. "Haya, endelea."

Sikuendelea. Kufa hakukuniudhi, wahusika wa riwaya hufa kila siku na mimi huwasamehe waandishi wao. Kilichonichoma ni kuambiwa nimechelewa. Sijawahi kukutana na ukurasa ulionifungia hadithi kwa sababu nimeusoma polepole.

Baada ya hapo nilifanya kosa ambalo nadhani wasomaji wengi hulifanya: nikatafuta gemu zisizo na vita. Nilidhani adui yangu ni bunduki. Lakini zipo gemu za vita zinazochezwa kwa zamu kama chesi, ambamo unaweza kuacha jeshi zima limesimama uende kulala, na litakuwa palepale asubuhi. Zipo pia gemu zisizo na tone la damu, zenye rangi za kupendeza na muziki wa kubembeleza, zinazokutaka uruke kutoka jiwe hadi jiwe kwa kipimo cha nusu sekunde. Kuchuja kwa damu kulinikosesha nzuri na kuniletea mbaya.

Siku hizi nina swali moja tu. Nikiiweka pedi mezani sasa hivi, nikatazama dirishani kwa dakika tano, nitakuta nini nikirudi? Kama dunia ya gemu imenisubiri, mimi ndiye ninayefungua ukurasa. Kama nimekufa, nimeshindwa au nimepitwa, basi saa iko mkononi mwa mtu mwingine, hata hadithi iwe nzuri kiasi gani.

Swali hili lina majibu ya katikati pia. Chukua Firewatch, iliyotoka 2016. Wewe ni mlinzi wa moto katika msitu wa Wyoming mwaka 1989, peke yako kwenye mnara, na sauti pekee uliyonayo ni ya mkuu wako, Delilah, kwenye redio ya mkononi. Akisema jambo, majibu mawili matatu hutokea kwenye skrini pamoja na mstari unaofupika. Mstari ukiisha hujafa. Umenyamaza tu, na Delilah huuchukulia ukimya wako kama ukimya wa mtu, anaweza hata kuuzungumzia. Kama uandishi, hilo ni jambo zuri sana, kwa sababu katika maisha pia kutojibu ni jibu. Hata hivyo lilinichosha. Mimi husoma sentensi nikairudia, na pale nilikuwa nasoma majibu matatu kwa pupa ya mtu anayesoma bango kutoka ndani ya basi. Kama unasoma haraka, Firewatch haitakusumbua hata kidogo. Kama una tabia kama yangu, ujue kwamba saa ipo ingawa haiui.

Gemu iliyonirudisha ni Disco Elysium, ya 2019, iliyotengenezwa na studio ya ZA/UM. Nitakaa nayo kwa muda, maana inaonyesha vizuri kuliko nyingine zote ninazozijua jinsi mtunzi anavyoweza kuweka hatari, kushindwa na hata kifo ndani ya gemu bila kudai wepesi wa vidole.

Unaamka sakafuni katika chumba cha hosteli, hujui jina lako, hujui hata kwamba wewe ni mpelelezi wa polisi. Nyuma ya hosteli kuna mtu amening'inia mtini kwa siku kadhaa, na kazi yako ilikuwa kumshusha na kumtafuta aliyemuua. Mwenzako katika upelelezi, Kim Kitsuragi, anakusubiri chini ukumbini. Hadithi ni hiyo, na karibu yote inasomwa. Maandishi yake yanapita maneno milioni moja, na kuanzia toleo la The Final Cut la 2021 karibu yote husomwa pia kwa sauti na waigizaji. Usiogope milioni hiyo. Hutaisoma yote kwa mzunguko mmoja, kwa sababu sehemu kubwa yake ni njia ambazo hukuzipita.

Unaitazama dunia yake kutoka juu, kwa pembeni kidogo. Unabofya unapotaka kwenda, mtu wako anatembea. Unambofya mtu, mazungumzo yanafunguka upande wa kulia kama ukurasa mrefu mwembamba unaoshuka. Hakuna mstari unaofupika. Unaweza kusoma kauli ya mhusika, ukaenda kuoga, ukarudi na kuichagulia jibu. Saa ipo, inaonekana kwenye skrini, na siku hupita kweli: mchana, jioni, usiku. Ila inatembea unapozungumza na unaposoma tu. Ukisimama uwanjani kutazama theluji, jua halisogei. Ukitaka muda upite, mojawapo ya njia ni kununua kitabu ndani ya gemu na kukisoma. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimepata gemu ambayo kusoma ndiko kunakosukuma mishale ya saa.

Sasa hatari inatoka wapi? Kabla ya kuanza unagawa alama katika sehemu nne za utu wako: akili, moyo, mwili na wepesi wa viungo. Kila sehemu ina vipaji sita, jumla ishirini na vinne, na kila kipaji ni sauti kichwani mwako. Mantiki inakunong'oneza kwamba shahidi amejipinga. Huruma inakuambia mwanamke huyu anacheka ili asilie. Kipaji cha uraibu kinakuomba uokote kitako cha sigara. Zinaingilia mazungumzo, zinabishana, na mara nyingine zinakudanganya. Msomaji wa riwaya hahitaji kufundishwa jambo hili. Ni mawazo ya mhusika yaliyochapwa katikati ya mazungumzo, tofauti ni kwamba hapa yanapigana yenyewe kwa yenyewe, na wewe ndiye uliyeamua nani apewe sauti kubwa.

Ukitaka kufanya jambo gumu, gemu hurusha dadu mbili za pande sita, ikajumlisha na kipaji chako, ikalinganisha na ugumu wa jambo lenyewe. Tufanye mfano mmoja. Jambo lina ugumu wa 12 na kipaji chako ni 4. Dadu zinapaswa kukupa 8 au zaidi. Kati ya mipangilio 36 ya dadu mbili, 15 inafika hapo, kwa hiyo una nafasi ya takriban asilimia 42. Ukikumbuka kuvaa koti linaloongeza 1 kwenye kipaji hicho, sasa unahitaji 7 na nafasi inapanda hadi 58. Ukiwa pia umezungumza na jirani ukapata taarifa inayoongeza 1 nyingine, unahitaji 6 tu, na umefika 72. Huhitaji kupiga hesabu hizi kichwani, kwa kuwa gemu hukuonyesha asilimia kabla hujabofya, pamoja na orodha ya yanayokusaidia na yanayokukwaza. Nimezieleza ili uone kilichochukua nafasi ya vidole. Anayefaulu ni yule aliyesikiliza watu, akavaa vizuri, akarudi jambo lilipoiva. Hata hivyo sita mbili hufaulu daima na moja mbili hushindwa daima, kwa hiyo hata mtu aliyejiandaa kupindukia huachiwa punje ya wasiwasi.

Majaribio yako ya rangi mbili. Jaribio jeupe ukilishindwa linafungwa, na litafunguka tena ukiongeza kipaji hicho au hali ikibadilika. Jekundu ni mara moja tu. Wachezaji wengi wapya, mimi nikiwa wa kwanza, huhifadhi gemu kabla ya kila jekundu, wakashindwa, wakarudi nyuma, wakarusha tena hadi wafaulu. Nilifanya hivyo siku mbili za mwanzo nikajikuta nimechoka bila kujua kwa nini. Nilikuwa nikisoma riwaya nikichana kila ukurasa ambao mhusika ameaibika. Na aibu ndizo kurasa bora za gemu hii. Mapema kabisa meneja wa hosteli anakudai pesa, na unaweza kujaribu kumtoroka kwa mbwembwe, ukimkimbia huku ukimtukana kwa vidole. Dadu zikikukataa, unarukia moja kwa moja kwa mwanamke aliyeketi katika kiti cha magurudumu. Waandishi waliandika tukio la kushindwa kwa uangalifu uleule walioandikia ushindi, na kwa maoni yangu walilifurahia zaidi.

Tazama pia kazi ya kumshusha yule maiti. Kwanza huwezi kumkaribia. Harufu inakutapisha, na kuivumilia ni jaribio la stahamala ya mwili. Ukishindwa unatapika, unaondoka, unatafuta kitu cha kunusa cha kukusaidia, unarudi. Kisha mwili ushushwe, na njia mojawapo ni kukipiga risasi kile kinachomning'iniza. Katika gemu nyingi, hapo ndipo ningempa mdogo wangu pedi: shika, lenga, mkono usitetemeke. Hapa unabofya sentensi inayosema unafyatua, na uratibu wa jicho na mkono ni namba uliyoipanga mwenyewe ulipoanza. Kukosa hakufungi hadithi, zipo njia nyingine za kumfikisha chini, na baadhi yake hukulazimisha kuomba msaada kwa watu ambao ungependa wasikudai fadhila. Fumbo lenyewe ni hilo: umdai nani, na udaiwe na nani.

Kuna sehemu moja ambapo lazima nikutahadharishe, maana sifa nilizoziona zinasema gemu hii haina mbio hata chembe. Una vipimo viwili vya uhai, afya na ari. Afya hutokana na kipaji cha stahamala, ari na kile cha utashi. Kipimo kimojawapo kikigonga sifuri, na kama unayo dawa yake, gemu hukupa sekunde chache za kuibofya kabla hujazirai moja kwa moja. Ni sekunde chache tu, na ni nadra, lakini kwa mtu wa aina yetu zinatosha kurudisha ule mlango uliovunjwa. Kama huna dawa, hakuna hata hizo sekunde. Unaweza kufa ndani ya chumba chako cha kwanza, hujamwona binadamu yeyote, kwa kujaribu kuivuta tai yako kutoka kwenye panga boi la darini, iwapo uliuacha mwili dhaifu kabisa. Moyo unasimama, gazeti linatangaza kifo chako.

Dawa ya hili ni rahisi. Unapogawa alama mwanzoni usiziache stahamala na utashi zikiwa 1. Zikifika 2 au 3 una pumzi ya kutosha. Kisha zoea kujua mapema kitufe cha dawa kiko wapi kwenye skrini, na ukiokota au kununua dawa usizitumie ovyo. Hifadhi gemu kabla ya mazungumzo mazito, kwa sababu katikati ya mazungumzo huwezi kuhifadhi. Nilipofanya hivyo, zile sekunde zilinikuta mara moja tu hadi mwisho, na kidole changu kilikuwa kinajua njia.

Baada ya hiyo nilienda Pentiment, ya 2022, iliyotengenezwa na Obsidian chini ya uongozi wa Josh Sawyer. Huku dadu hazipo kabisa. Wewe ni Andreas Maler, mchoraji anayepamba vitabu vya mkono katika abasia karibu na mji mdogo wa Tassing, Bavaria, mwaka 1518. Bwana mkubwa aliyekuja kama mgeni anauawa, na anayekutwa na lawama ni ndugu Piero, mtawa mzee unayefanya naye kazi. Una siku chache za kutafuta mtu mwingine wa kumpa shemasi mkuu anayekuja kuhukumu.

Picha zote ni za ubavuni, bapa, kama kurasa za kitabu kilichopambwa. Unaenda kushoto au kulia, basi. Kila anayezungumza ana mwandiko wake: mkulima ana wake wa kuparaza, mtawa ana ule mzito wa kale, msomi wa mjini ana wake uliotakata, na maneno ya mchapaji hupigwa chapa kama herufi za madini ya risasi. Wakati mwingine mtu anadhaniwa kuwa mshamba, kisha Andreas akigundua kwamba amesoma, mwandiko wake unabadilika mbele ya macho yako. Kama herufi za kale zinakuumiza macho, mipangilio ina chaguo la mwandiko rahisi. Mimi nilivumilia ya kale, nikachagua rahisi nilipochoka usiku. Maneno fulani yamepigiwa mstari, ukiyabofya ukurasa unasogea nyuma na maelezo yanatokea pambizoni. Sijui gemu nyingine inayojua maana ya pambizo kama hii.

Ninachotaka ukijue zaidi ni jinsi inavyotumia muda. Sekunde zako hazihesabiwi. Siku imegawanywa vipande, na vipande vingi huishia mezani, kwenye chakula. Unachagua ule na nani, na hao wengine hutawasikia. Ukienda kufukua kaburi hutamsaidia mjane kazi zake, na yale ambayo angekusimulia mkiwa mnafanya kazi yamepotea. Unaweza kukaa nusu saa ukifikiri kabla ya kuchagua, ila ukishachagua mlango mwingine umefungwa. Kwa hiyo shinikizo lipo, na ni kali kuliko la ile gemu ya mlango uliovunjwa. Linakaa tu mahali ambapo shinikizo hukaa katika riwaya: kwamba mtu ana maisha mamoja na mchana mmoja.

Kuwashawishi watu nako kuna namna yake. Unapofika wakati wa kumwomba mtu jambo kubwa, gemu haitazami kipaji chako. Inakumbuka ulichomwambia siku zilizopita. Ulimcheka alipotaja uchawi? Ulimtetea mwanawe? Kila kauli imewekwa kwenye mzani, na sasa mzani unaonyeshwa. Mara ya kwanza nilishindwa kwa sababu ya mzaha niliokuwa nimeusahau, na nilijua kabisa ni ule. Mwishoni mwa upelelezi unamtaja mtu, na mtu anauawa hadharani. Kama ulimtaja mkosaji au la, gemu haikuambii. Wachezaji waliozoea kupewa alama walikasirika. Mimi nilifunga kompyuta nikakaa gizani kwa muda, kama nifanyavyo na vitabu vichache sana.

Nilijaribu pia Return of the Obra Dinn, ya Lucas Pope, iliyotoka 2018, na hapo nilijifunza kuhusu kikwazo kingine ambacho watu wanaocheza tangu utotoni hawakioni tena. Wewe ni mkaguzi wa bima, mwaka ni 1807, meli imerudi bila mtu hai, na kuna watu 60 ambao lazima useme walikuwa nani na walipatwa na nini. Hakuna anayekukimbiza. Majibu yakiwa sahihi huthibitishwa matatu kwa pamoja, ili usikisie. Ni gemu ya kusoma kabisa, tena ya kusoma kwa makini: lafudhi, viatu, namba kwenye machela. Tatizo langu lilikuwa kutembea. Unatazama kwa macho ya mhusika, fimbo moja ya pedi inasogeza miguu na nyingine inageuza shingo, na lazima zifanye kazi pamoja. Nilijigonga kwenye kuta za meli kama mlevi na baada ya dakika ishirini nikapata kichefuchefu. Kuratibu fimbo mbili ni ustadi wa mikono, hata kama hakuna anayekupima kwa saa. Huja baada ya siku kadhaa, na kupunguza kasi ya kugeuka kwenye mipangilio husaidia. Lakini kama ndiyo kwanza unaanza, usianze na gemu ya kutazama kwa macho ya mhusika ukadhani umeikataa hadithi, kumbe umekataa shingo. Anza na za kubofya au za ubavuni, nyingine zitakusubiri.

Kuhusu kujua mapema, kabla hujatoa pesa, mimi husahau kabisa matangazo. Matangazo ya gemu huchagua sehemu zenye makelele hata kama ni dakika tatu katika saa ishirini, na mara nyingine huficha mbio kwa kuonyesha nyuso tu. Natafuta video ya mtu anayecheza, nairuka saa ya kwanza, kwa kuwa mwanzo wa gemu huwa mpole kwa wote, nikatazama dakika ishirini za katikati na nyingine karibu na theluthi ya mwisho. Vidole vyake havionekani, basi naangalia skrini: kuna duara linalojaa, mstari unaofupika, kitufe kinachomulika? Mchezaji akinyamaza ili afikiri, dunia inanyamaza naye? Kisha naangalia orodha ya mipangilio. Baadhi ya gemu zina chaguo la kuzima matukio ya kubonyeza haraka, huandikwa Quick Time Events, au la kuongeza muda wa kuchagua majibu, na chaguo moja kama hilo linaweza kuigeuza gemu iliyokuwa imekushinda.

Usidanganywe na kiwango cha ugumu kinachoitwa Story. Jina linavutia watu kama sisi, na mimi liliniponza mara mbili. Kwa kawaida hupunguza nguvu za maadui na kukuongezea uhai, ili ufe mara chache zaidi. Lakini adui bado anakuja mbio, bado unatakiwa kumgeukia, kumlenga na kukwepa. Ni kama kuingizwa katika mbio za mita mia na kuambiwa uvae viatu vyepesi. Mwenye mazoea kidogo atafurahia nafuu hiyo. Mimi nilikuwa sitaki kukimbia.

Mdogo wangu alikuja kukaa nami wiki moja, nikamwekea Pentiment. Nusu saa ya kwanza alinuna. Aliendesha Andreas kutoka ukingo mmoja wa mji hadi mwingine, akipita watu bila kuwasemesha, akibonyeza maneno yapite. "Dada, vita inaanza saa ngapi?" Nikamwambia asome. Siku ya pili alikuwa ameanza kula na watu. Siku ya tatu alinikataza kupita mbele ya skrini.

Usiku wa nne nilimkuta ameketi na pedi juu ya paja, mikono haiigusi. Andreas alikuwa amesimama mbele ya shemasi mkuu, na majina yalikuwa pale yakisubiri. Nikapika chai, nikanywa, nikaosha kikombe. Alikuwa bado hajagusa kitu. Hatimaye akabonyeza mara moja, kidogo sana, akatazama yaliyofuata hadi mwisho bila kusema neno, kisha akanigeukia.

"Ndiye?"

Nikamwambia mimi nilimtaja mwingine.